Mahindi na maharage yakiliwa pamoja protini inakuwa kamili kweli? Na uwiano ni upi hasa?

Msomaji Mgeni:
Wakuu salaam. Kuna hoja naisikia kila mahali kwamba mahindi peke yake protini yake ina upungufu, maharage nayo yana upungufu wake, ila ukivila pamoja vinafidiana mpaka protini inakuwa kamili kama ya yai. Sasa naomba kueleweshwa na wanaojua, kinachofidiwa ni nini hasa, na je nikitupia kiganja kimoja cha maharage kwenye sufuria la mahindi inatosha au kuna kiwango? Nauliza kwa sababu kila mtu anasema changanya, changanya, halafu anaishia hapo, kiasi hasemi.

Jembe Butu:
Mkuu hili jepesi. Protini imeundwa na amino asidi, na kuna tisa ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza, lazima zitoke kwenye chakula. Mahindi hayana laisini. Maharage hayana methionini. Ukiviweka sahani moja kila kimoja kinaleta ambacho mwenzake hana, mchezo umeisha. Muhimu tu iwe mlo mmoja, maana ukila mahindi mchana na maharage usiku zile za mchana zinakuwa zimeshapotea. Uwiano nusu kwa nusu, hukosei.

Mizani Kavu:
Jembe Butu mwelekeo uko nao ila hapo kwenye "hayana" naomba tusimame kidogo, kwa sababu ndipo swali la kiasi linapojibiwa. Mahindi laisini yanayo, ni kwamba iko kidogo kulinganisha na protini yenyewe. Ukichukua gramu moja ya protini ya mahindi ndani yake kuna laisini kama miligramu 28. Gramu moja ya protini ya maharage ina kama 69. Na kipimo ambacho FAO walikiweka kwenye ripoti yao ya 2013, kwa mtu wa kuanzia miaka mitatu hadi mtu mzima, ni 48. Kwa hiyo mahindi yako chini ya mstari, maharage yako juu sana, na kazi ya mchanganyiko ni kuivuta wastani ifike kwenye mstari.

Chanzo cha upungufu wa mahindi ni protini moja inaitwa zeini, ndiyo imejaa kwenye sehemu ya wanga ya punje, na zeini karibu haina laisini wala triptofani. Wale watafiti Osborne na Mendel mwaka 1914 waliwalisha panya zeini kama protini pekee, panya wakagoma kukua, walipowaongezea laisini na triptofani wakakua. Panya walikuwa wanakula protini ya kutosha tu, ila kuna viungo viwili ndani yake vilipungua.

Kwa nini kiungo kimoja kikwamishe vingine vyote? Fikiria fundi cherehani ana vitambaa robota zima lakini vifungo vya mashati kumi tu. Atatoa mashati kumi. Ile amino asidi inayobaki bila mwenzake mwili hauiwekei akiba ya maana, unaichoma kama nishati na naitrojeni yake inatoka kwenye mkojo. Ndiyo maana mtu anaweza kula protini nyingi kwa hesabu ya gramu na bado mwili ukajenga kidogo.

Chuma Kizito:
Mimi nanyanyua vyuma, kwa hiyo mnashauri niache mahindi nile maharage matupu? Maana nilichoelewa maharage yana protini nyingi kuliko mahindi, basi bora niyale yenyewe tu nijaze kifua.

Karani wa Ghala:
@Chuma Kizito swali la mleta mada si nani ana protini nyingi, ni ubora wa ile protini vikiliwa pamoja. Ngoja mtaalamu amalize kwanza.

@Mizani Kavu sasa tupe hesabu mkuu. Nikipika mahindi tisa kwa maharage moja, yaani vile watu wengi wanavyofanya maharage yakiwa machache, napata nini?

Mizani Kavu:
Sawa tupige pamoja, na naomba wote tushike kitu kimoja kwanza: uzito ni wa vitu VIKAVU kabla ya kupika. Mtu akichanganya hesabu ya unga mkavu na maharage yaliyoiva ambayo yameshanywa maji, uwiano wote unaharibika bila yeye kujua.

Gramu 100 za mahindi makavu zina protini kama 9.4, za maharage makavu kama 23.6. Sasa chukua gramu 90 za mahindi na 10 za maharage. Mahindi yanaleta protini gramu 8.5 na laisini miligramu 238, maharage yanaleta protini gramu 2.4 na laisini miligramu 162. Jumla protini 10.8 na laisini 400, gawanya unapata 37 kwa kila gramu ya protini. Mstari ni 48. Kwa hiyo umepanda kutoka 28 mpaka 37, ni hatua kubwa kwa kiganja kimoja cha maharage, lakini hujafika.

Chukua 70 kwa 30. Mahindi protini 6.6 laisini 185, maharage protini 7.1 laisini 485. Jumla protini 13.7, laisini 670. Gawanya, 49. Hapo ndipo umevuka mstari kwa mara ya kwanza. Na angalia kitu cha kupendeza, kwenye huo uwiano mahindi ni mengi zaidi ya mara mbili kwa uzito lakini protini imetoka karibu nusu kwa nusu. Bressani na wenzake wa taasisi ya lishe ya INCAP kule Guatemala waliliona hilo kwa panya mwanzoni mwa miaka ya 1960, walishikilia jumla ya protini ile ile wakawa wanabadilisha tu sehemu inayotoka kwenye mahindi na inayotoka kwenye maharage, panya walikua vizuri zaidi pale nusu ya protini ilipotoka huku na nusu kule. Kwa hiyo Jembe Butu ile nusu kwa nusu yako ipo, ila ni ya protini, sio ya kilo.

Jikoni bila mizani: vikombe viwili vya mahindi makavu kwa kikombe kimoja cha maharage makavu, unakuwa umefika.

Jembe Butu:
Hapo nimekuelewa na nakubali hesabu. Ila upande wa methionini hujasema kitu, maana hadithi ni kufidiana, sio mmoja kumbeba mwenzake tu.

Mizani Kavu:
Kwa kweli hapa mzigo mkubwa unabebwa na maharage. Methionini huwa inahesabiwa pamoja na mwenzake sistini kwa sababu zote zina salfa. Maharage yana kama 26 kwa gramu ya protini, mahindi kama 39, mstari wa watu wazima ni 23. Kwa hiyo kwenye karatasi maharage kwa mtu mzima hayako chini, yako ukingoni. Tatizo linatokea tumboni, hizo amino asidi za salfa za maharage zinameng'enywa vibaya kuliko laisini yake, hivyo kile kinachoingia kwenye damu ni kidogo kuliko karatasi inavyosema. Mchanganyiko wa 70 kwa 30 unakupa kama 32, unapata nafasi ya kupumua. Na triptofani nayo inapanda kutoka 7 ya mahindi hadi 9 na ushee, mstari ni 6.6.

@Chuma Kizito jibu lako liko humo humo, maharage matupu yana gramu nyingi ila salfa yake iko ukingoni na tumbo litakulalamikia. Chukua mfano wa mtu mzima wa kilo 60. Kwa wastani anahitaji laisini miligramu 30 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, hiyo ni 1800. Akila mahindi makavu gramu 400 kwa siku bila kitu kingine anapata laisini 1060, ukitoa ile isiyomeng'enywa inabaki kama 900, nusu ya anachohitaji. Sasa toa gramu 120 za mahindi weka gramu 120 za maharage, uzito wa chakula ni ule ule 400. Laisini inayofyonzwa inakuwa 2100 na kidogo, na protini yote imepanda kutoka 38 hadi karibu 55. Ni sahani ile ile kwa ukubwa. Wewe unayenyanyua vyuma mahitaji yako ni makubwa kuliko huyo wa mfano, lakini njia ya kupiga hesabu haibadiliki.

Karani wa Ghala:
Safi. Sasa mleta mada aliuliza "kamili kama ya yai". Umefika mstari wa 48, je ndo tumelingana na yai?

Mizani Kavu:
Hapana, na hili ndilo ningependa watu walishike kuliko hata uwiano. Wasifu wa amino asidi kukamilika ni nusu ya ubora. Nusu nyingine ni kiasi gani kinameng'enywa. Protini ya mahindi inameng'enywa kama asilimia 85, ya maharage kama 78, yai ni kama 97. Mchanganyiko wetu unaangukia kama 81. Kwa hiyo hata amino asidi zikijipanga vizuri kabisa, sehemu ya tano ya ile protini inapita na kutoka. Ukipima ubora kwa jumla, mahindi peke yake yanapata kama 50 kwa 100, mchanganyiko unapata kama 80. Kutoka 50 hadi 80 ni mabadiliko makubwa mno, yanatosha kumlisha mtu mzima vizuri bila nyama. Lakini neno kamili linawafanya watu wadhani imefika 100 na hawaongezi kiasi cha chakula.

Mama Pacha:
Jamani samahani naomba niingize la kwangu. Nina watoto wa mwaka na miezi kadhaa, nawapikia uji wa unga niliosaga mwenyewe, mahindi na maharage na karanga, vyote nilivianika juani nikasaga vibichi. Uji unachemka kidogo tu unakuwa mzito nautoa. Sasa mmoja kila akinywa anatapika baada ya muda na tumbo linajaa, nikapunguza maharage nikaongeza karanga, nikajua protini ni protini. Na mchana nawapa mchuzi wa maharage, zile punje bado hawazitafuni vizuri. Nafanya sawa?

Mizani Kavu:
Dada yangu asante kwa kuuliza, simamisha huo unga kuanzia leo. Maharage mabichi yana lektini, hasa yale mekundu, na punje chache tu zisizoiva zinaweza kumtapisha hata mtu mzima ndani ya saa moja hadi tatu. Pia yana vitu vinavyozuia kimeng'enya kinachokata protini, kwa hiyo hata mtoto asipotapika ile protini uliyoilenga haimeng'enywi. Kuanika juani hakuondoi kitu. Kukaanga kwenye chungu kikavu nako si kwa kutegemea, na ukikaanga hadi rangi iwe kahawia unaunguza laisini yenyewe, unakuwa umeua kile ulichokifuata.

Fanya hivi. Loweka maharage usiku kucha, angalau saa tano, mwaga yale maji. Weka maji mapya, yachemke kwa nguvu yakitokota kweli kweli dakika kumi kwanza, sio moto mdogo wa kuvuta vuta, halafu endelea hadi punje ibonyee kati ya vidole viwili bila kiini kigumu. Hapo ndipo uyaanike tena na kuyasaga kama unataka unga, au uyaponde yakiwa ya moto uchanganye kwenye uji wa mahindi ulioiva. Na mtoto anayetapika mara kwa mara apelekwe akaonwe, usisubiri uthibitishe kama ni unga.

Kuhusu mchuzi, sehemu kubwa ya protini inabaki kwenye punje. Mtoto anayekunywa mchuzi wa maharage bila maharage amekula ladha. Ponda punje, pitisha kwenye chujio, mpe ile rojo.

Msomaji Mgeni:
Na hili la karanga? Maana hata mimi ningefikiri hivyo hivyo, karanga zina protini nyingi kama maharage.

Mizani Kavu:
Nyingi ndiyo, hata zaidi kidogo ya maharage, ila laisini yake ni kama 36 kwa gramu ya protini, nayo iko chini ya mstari. Huwezi kuvuta wastani juu kwa kitu ambacho chenyewe kiko chini. Weka 70 ya mahindi na 30 ya karanga unapata 32, kumbuka kiganja kimoja tu cha maharage kilitupa 37. Karanga zinamfaa sana mtoto kwa mafuta na nishati, uji unakuwa na nguvu bila kuongeza ujazo, ziweke kidogo, lakini zisichukue nafasi ya maharage. Ukitaka mbadala tafuta jamii ya kunde zenyewe, kunde, choroko, dengu, mbaazi, hizo laisini iko juu.

Jembe Butu:
Mimi narudi kwenye mlo mmoja. Umenirekebisha vingi ila hili hujaligusa. Nilifundishwa lazima viliwe pamoja.

Mizani Kavu:
Kwa mtu mzima anayekula vya kutosha si lazima iwe sahani moja. Mwili una laisini huru inayozunguka, hasa kwenye misuli, na utumbo wenyewe unavunja na kujenga protini zake muda wote, kwa hiyo upungufu wa mlo wa mchana unaweza kuzibwa na maharage ya jioni. Cha kuangalia ni siku nzima.

Jembe Butu:
Hiyo ni ya mtu mzima mwenye akiba. Mtoto anayekula mara mbili kwa siku hiyo akiba anaitoa wapi? Asubuhi uji mtupu, jioni ndo aone maharage, katikati mwili unajenga kwa kutumia nini?

Mizani Kavu:
Hapo nakubaliana na wewe, kwa mtoto mdogo ningechanganya kila bakuli. Kwanza anakua, pili tumbo lake ni dogo, kama mililita 30 tu kwa kila kilo ya mwili, kila bakuli lenye mahindi matupu ni nafasi imetumika. Ila kusema baada ya saa fulani amino asidi zimepotea zote, hiyo siikubali, haifanyi kazi kama saa ya ukutani.

Jembe Butu:
Mimi nabaki na sahani moja kwa wote. Haigharimu kitu na huna haja ya kukumbuka umekula nini mchana.

Karani wa Ghala:
Nina pingamizi mkuu. Ule mstari wa 48 umesema ni kuanzia miaka mitatu. Mama Pacha ana watoto wa mwaka na kitu, mstari wao ni upi?

Mizani Kavu:
Umeniwahi. Kwa miezi sita hadi miaka mitatu ni 57. Kwa hiyo ile 49 yetu inafikia asilimia 86 tu, na ukizidisha na kumeng'enywa ubora unashuka hadi kama 70.

Karani wa Ghala:
Basi nimepiga mwenyewe hapa, nusu kwa nusu kwa uzito mkavu inatoa laisini 57 kamili na zile za salfa zinakuja kama 30, mstari wao wa salfa ni 27. Kwa nini mtoto asipewe nusu kwa nusu? Jembe Butu kumbe alikuwa sahihi kwa mtoto.

Jembe Butu:
Nilisema mimi.

Mizani Kavu:
Hesabu yako iko sawa kwenye karatasi. Wasiwasi wangu ni mambo mawili. Moja, ile 57 imekaa juu ya mstari kwa ukucha, na aina za maharage zinatofautiana, muda wa ghalani nao unayafanya magumu na yanameng'enywa vibaya zaidi. Mbili, kadiri maharage yanavyoongezeka nyuzi na gesi zinaongezeka, mtoto anashiba mapema au anakataa bakuli, na nusu bakuli ya mchanganyiko bora ni mbaya kuliko bakuli zima la mchanganyiko wa wastani. Ningebaki na vikombe viwili kwa kimoja halafu niongeze kitu kidogo cha mnyama, kijiko cha dagaa waliosagwa, maziwa, robo ya yai. Kiasi hicho kidogo kinasaidia kuziba pengo la laisini na kinaleta vingine ambavyo maharage hayana, kama vitamini B12.

Karani wa Ghala:
Na asiye na hicho kitu cha mnyama? Maana wanaotegemea mahindi na maharage wengi ndo hao hao. Mimi ningemwambia asogee kuelekea nusu kwa nusu taratibu aangalie mtoto anavyopokea. Hatujakubaliana hapo.

Mizani Kavu:
Taratibu na mtoto akimaliza bakuli, siwezi kukupinga sana. Ila aanze na mbili kwa moja.

Pembe ya Shamba:
Hamjagusa yale mahindi yaliyoboreshwa protini, yale ya CIMMYT, kile kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, Vasal na Villegas walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2000 kwa ajili yake. Laisini na triptofani karibu mara mbili ya mahindi ya kawaida. Mwenye mbegu hiyo anahitaji maharage machache zaidi.

Mizani Kavu:
Kweli kabisa, ila ubora ule mmea unaurithi kwa jeni dhaifu, ukipanda jirani na mahindi ya kawaida chavua inachanganyika na punje zinarudi kuwa za kawaida, na kwa macho huwezi kujua. Na gramu za protini hazipandi, kwa hiyo maharage bado yanatakiwa.

Mama Pacha:
Asanteni sana. Nimeloweka tayari. Swali la mwisho, maganda niyatoe au niache?

Mizani Kavu:
Kwa hao wadogo yatoe. Yakishalowekwa yasugue kati ya viganja yanaachia yenyewe, mengine yatabaki kwenye chujio. Kwenye ganda la maharage ya rangi ndiko kuna tanini inayoshikana na protini ikazuia isimeng'enywe, na nyuzi nyingi ziko huko pia. Punje yenyewe ndiyo ina laisini unayoitafuta, na ikipondwa bila ganda rojo inakuwa laini hata uji hauhitaji maji mengi. Wewe mwenyewe kula na ganda lake tu.